"A" au "The": Kusahihisha Kiingereza cha Sheria bila Kubadili Maana

Tuseme mjane mmoja anaomba usimamizi wa mirathi ya mumewe, na aya ya pili ya hati yake ya kiapo inasomeka hivi: "I am wife of the deceased." Mtu aliyesoma Kiingereza cha kidato cha nne ataona kuna kitu kimepungua kabla ya neno "wife". Karani mwenye bidii atachukua kalamu na kuongeza "the". Sentensi inanyooka: "I am the wife of the deceased." Kisarufi haina tatizo. Lakini sasa mama huyo anaapa kwamba marehemu alikuwa na mke mmoja, na mke huyo ni yeye.

Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwetu ndoa ya wake wengi ni halali: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua, na sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua katika ndoa za Kiislamu na za kimila. Kama marehemu aliacha wake wawili, sentensi aliyopaswa kuapa ni "I am a wife of the deceased", au iliyo wazi zaidi, "I am one of the two wives of the deceased". Mke mwenzake akija na pingamizi, wakili wake ataanzia kwenye "the" ile. Atasema mwombaji ameapa mbele ya kamishna wa viapo kuwa yeye ndiye mke pekee, na hilo si kweli. Mjane atabaki anajieleza kuhusu neno ambalo hakuliandika na pengine hakuliona.

Ndiyo maana msahihishaji anayeijua kazi yake haongezi kitu hapo kabla ya kumpigia simu mwenye kiapo.

"Shikamoo mama. Samahani kwa swali langu: mzee alikuwa na mke mwingine?"

"Marahaba mwanangu. Alikuwa naye, yuko Tanga. Sijamficha, nilimtaja tangu mwanzo."

Kwa jibu hilo "the" imeondoka, na "one of the two wives" imeingia. Kilichoamua si kanuni ya sarufi, kwa sababu sarufi ilikuwa tayari kukubali yote mawili.

Makosa ya vibainishi, yaani "a", "an" na "the", pamoja na ya vihusishi kama "to", "by", "in" na "for", yanafaa kugawanywa hivyo katika nyaraka za sheria. Liko fungu la makosa yenye sahihisho moja tu linalowezekana. Hayo msahihishaji anayanyoosha na kuendelea. Liko na fungu la makosa yenye masahihisho mawili au matatu, yote Kiingereza safi, kila moja likimpa mtu haki tofauti. Hayo yanarudishwa kwa mwenye hati. Hatari huja pale anayesahihisha anapolichukulia fungu la pili kama la kwanza.

Kwa nini sisi hukosea hapo

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiendelea kuruhusiwa pale haki inapohitaji. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Hata hivyo mikataba ya kampuni, hati za mikopo ya benki, makubaliano na wageni na nyaraka nyingi za mahakama za juu bado huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa wanaoziandika walianza maisha kwa lugha nyingine.

Kiswahili hakina neno linalosimama mahali pa "a" au "the". Tunasema "mpangaji", na msikilizaji anajua kutokana na mazungumzo kama ni mpangaji fulani tunayemjua au ni yeyote. Tukitaka kubana maana tunaongeza "huyo", "aliyetajwa" au "mmoja". Tusipotaka, tunaacha. Kiingereza hakitoi nafasi hiyo ya kuacha: kila nomino ya umoja inayohesabika lazima itanguliwe na kitu, na kitu hicho kinasema kama ni kimoja kati ya vingi au ni kile tunachokijua sote.

Upande wa vihusishi, tazama kazi anayofanya "kwa" peke yake. Mtu hulipa kwa mwenye nyumba, hulipa kwa hundi, hulipa kwa fedha taslimu, hulipa kwa niaba ya ndugu yake, hulipa kwa uharibifu alioufanya. Kiingereza kinataka "to" kwa wa kwanza, "by" kwa wa pili, "in" kwa wa tatu, "on behalf of" kwa wa nne na "for" kwa wa tano. Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili ana mlango mmoja na anatakiwa kuchagua kati ya mitano, na mara nyingi huchagua ule aliouzoea zaidi.

Makosa ya kunyoosha na kupita

Fungu la kwanza ni la jozi zilizokwisha kufungwa. Kiingereza kimezoea kihusishi fulani baada ya neno fulani, na hakuna cha kujadili. "Comply to the order" inakuwa "comply with the order". "In accordance to the law" inakuwa "in accordance with the law". "Pursuant with section 12" inakuwa "pursuant to section 12". "Entitled for compensation" inakuwa "entitled to compensation". "In breach to the agreement" inakuwa "in breach of the agreement". "The parties discussed about the price" inapoteza "about" na kubaki "the parties discussed the price".

Hakuna hakimu atakayemnyima mtu haki yake kwa sababu aliandika "comply to". Maana haikuyumba, kwa kuwa hakuna maana ya pili inayogombania nafasi. Hasara yake ni ya sura: msomaji wa upande wa pili anaanza kusoma hati yote kwa shaka. Kwa hiyo nyoosha, usimsumbue mteja kwa swali.

Yako maneno machache, hata hivyo, yanayofanana na haya lakini hayamo. "Liable" ni mojawapo. Mtu huwa "liable to" mtu anayemdai, na huwa "liable for" jambo analowajibika nalo. Aliyeandika "the Company is liable to the Contractor" amesema kampuni inawajibika mbele ya mkandarasi. Ukibadilisha "to" kuwa "for", sasa kampuni inabeba makosa ya mkandarasi. Zote mbili ni sentensi za kawaida katika mikataba ya ujenzi, na herufi zilizobadilika hazizidi tatu. Ukikuta "liable of the Contractor", usiguse kabla ya kuuliza nani anamlipa nani.

"A" iliyofika Mahakama ya Juu

Anayedhani mahakama hazijali vijineno hivi asome kesi ya Niz-Chavez dhidi ya Garland, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Aprili 2021. Wanaoishi huko bila kibali watakuwa na sababu zaidi ya kuisikiliza.

Agusto Niz-Chavez, raia wa Guatemala, aliingia Marekani mwaka 2005. Sheria ya uhamiaji ya huko inampa mtu wa hali yake nafasi ya kuomba asiondolewe nchini, mojawapo ya masharti yakiwa kwamba ameishi humo miaka 10 mfululizo. Saa ya kuhesabu miaka hiyo inasimama siku mhusika anapopewa "a notice to appear", yaani notisi ya kufika mbele ya jaji wa uhamiaji. Notisi hiyo inatakiwa kutaja mambo kadhaa, yakiwemo mashtaka, mahali na saa ya kusikilizwa.

Mwaka 2013 serikali ilimpa karatasi yenye mashtaka bila tarehe wala mahali pa kufika. Miezi miwili baadaye ikampa karatasi ya pili, yenye tarehe na mahali. Serikali ikadai kwamba karatasi mbili zikiunganishwa zinatimiza yote, kwa hiyo saa ilisimama mwaka 2013, akiwa na miaka minane tu. Mawakili wake wakasema sheria imetaja "a notice", notisi moja. Vipande viwili si notisi moja, kwa hiyo saa haikusimama.

Majaji sita dhidi ya watatu walimpa ushindi. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alieleza kuwa "a" ikitangulia kitu kinachohesabika, msomaji wa kawaida huelewa kitu kimoja kizima. Alitoa mfano wa mtu anayekubali kununua "a car": hatarajii kuletewa chesisi leo, magurudumu wiki ijayo na injini baadaye. Majaji watatu waliopinga, wakiongozwa na Brett Kavanaugh, waliona kuwa taarifa inaweza kutolewa kwa awamu na bado ikawa taarifa moja. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, lakini "a" iliwashinda.

Kuna pia mfano wa zamani zaidi ambapo kukosekana kwa "the" kumeacha mgogoro usiokwisha. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 22 Novemba 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Nakala ya Kifaransa inasema "des territoires occupés", na Kifaransa hicho kinabeba kibainishi ndani yake. Wanaosoma Kiingereza peke yake wamedai kuwa bila "the" azimio halitaji maeneo yote. Wanaoshika Kifaransa, na utangulizi wa azimio lenyewe unaokataa ardhi kutwaliwa kwa vita, wanadai linataja yote. Hapo hakuna kosa la mtu asiyejua lugha, kwani rasimu ilitoka kwa Waingereza. Ila inaonyesha kwamba pengo lililo mbele ya nomino nalo lina maana, na anayelijaza anaamua jambo.

Kukipima kibainishi kwa Kiswahili

Mwandishi wa Kiswahili ana kipimo ambacho Mwingereza hana. Chukua sentensi yenye pengo: "Buyer shall inspect vehicle before payment." Iseme kwa Kiswahili kama mteja alivyoieleza. Je, ungesema "mnunuzi atakagua gari" au "mnunuzi atalikagua gari"? Ile "li" ndani ya kitenzi huashiria kuwa gari linajulikana, ni lile tulilokwisha kulitaja. Kama ulimi wako umeweka "li", Kiingereza kinataka "the vehicle". Kama haukuweka, kuna uwezekano mkubwa kinataka "a vehicle", gari lolote la aina iliyokubaliwa. Tofauti hiyo ni pesa: katika "the vehicle" muuzaji anadaiwa gari moja lenye namba yake ya chesisi, na likiungua kabla ya kukabidhiwa kuna ugomvi mkubwa. Katika "a vehicle" anaweza kuleta jingine linalofanana nalo.

Kipimo hiki kina mipaka. Kitenzi kikiwa tayari kimebeba kiambishi cha mtu, kama katika "atamkabidhi mnunuzi gari", nafasi ya "li" haipo, kwa hiyo hakikusaidii. Vilevile gari likiwa ndilo linalotendwa mwanzoni mwa sentensi, "gari litakaguliwa", ile "li" ni ya upatanisho tu na haisemi kitu. Hapo jaribu kuongeza "hilo" au "lililotajwa". Ikikubalika bila kubadilisha alichokusudia mteja, andika "the".

Angalia pia kosa la upande wa pili, la mtu aliyeambiwa shuleni kwamba "the" ni salama, akaimwaga kila mahali. "The section 12 of the Act" inatakiwa kuwa "section 12 of the Act", na hiyo ni ya kunyoosha tu. Lakini "Asha is appointed the agent of the Company in Mombasa" inasomeka kana kwamba kampuni haitakuwa na wakala mwingine Mombasa. Kama nia ilikuwa kumteua Asha miongoni mwa mawakala kadhaa, ni "an agent". Kama nia ilikuwa upekee, hata "the" haitoshi. Mwandishi mwangalifu ataandika "the sole agent", ili haki kubwa namna hiyo isining'inie kwenye kijineno kimoja.

Vihusishi vya muda

Katika vihusishi, vinavyozaa kesi zaidi ni vya muda, kwa sababu kila kimoja kinachora mpaka kwenye kalenda.

"Mpaka" yetu inafanya kazi mbili. Tunasema "subiri mpaka Ijumaa", na tunasema "una mpaka Ijumaa uwe umelipa". Kiingereza kimezigawa. "Until" ni ya jambo linaloendelea hadi siku fulani, "by" ni ya jambo linalotakiwa liwe limekamilika siku hiyo ifikapo. "The Borrower shall pay until 30 June" inamchora mkopaji anayelipa na kulipa hadi Juni iishe, kisha anaacha. "The Borrower shall pay by 30 June" inampa siku ya mwisho. Kwenye mkopo wa marejesho ya kila mwezi, zote mbili zinawezekana, kwa hiyo ni swali la kuuliza. Na hata baada ya kuchagua "by", wako wanaobishana kama tarehe 30 yenyewe imo. "On or before 30 June" inamaliza ubishi huo.

"Katika siku 30" nayo inatuingiza mtegoni. Tukiiandika "in 30 days", msomaji wa Kiingereza anaweza kuelewa "baada ya siku 30 kupita" au "kabla siku 30 hazijaisha". Kama ni ukomo, kinachotakiwa ni "within 30 days". Lakini hapo hapo linazaliwa swali lingine: siku 30 kuanzia wapi? "Within 30 days of the hearing" inaweza kusomwa kuwa ni siku 30 kabla au baada ya shauri kusikilizwa. "Within 30 days after the hearing" haina upande wa pili.

Je, siku ya tukio lenyewe inahesabiwa? Sheria ya Kenya ya tafsiri ya sheria, Sura ya 2, katika kifungu cha 57 inasema siku ya tukio haihesabiwi. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inafuata njia hiyo hiyo katika kifungu cha 19. Ila hizo zinahusu muda uliowekwa na sheria. Mkataba wa watu wawili ni vizuri ujisemee wenyewe: "after" inaiacha nje siku ya kwanza, na "from and including" inaiweka ndani. "From" ikisimama peke yake inaacha mlango wazi.

Kifungu kimoja, hatua kwa hatua

Sasa tuchukue kifungu kizima cha kubuni, cha mkataba wa pango la duka, kilivyotoka kwa mwandishi:

"Tenant shall pay rent for three months in advance until 5 January. If Tenant does not comply to this clause in 14 days, Landlord may terminate lease by giving Tenant 30 days' notice. Tenant shall be liable of damages on premises, subject of clause 9."

Anza na yale yasiyo na maswali. "Comply to" ni "comply with". "Tenant" na "Landlord" bila "the" ni mtindo unaokubalika katika mikataba, mradi herufi kubwa na ukosefu wa "the" vibaki hivyo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa tutaweka "the" kote, kwa kuwa tuseme kurasa nyingine zimeweka. "Terminate lease" ni "terminate this lease", kwa maana mkataba unaovunjwa ni huu uliomo mkononi. "Subject of clause 9" ni "subject to clause 9", na hiyo lazima ikae sawa: "subject to" inasema kifungu cha 9 kikipingana na hiki, cha 9 kinashinda. Tuseme cha 9 kinamsamehe mpangaji uchakavu wa kawaida. Bila "to" msamaha huo unapoteza kamba inayoufunga.

"Until 5 January" haileti swali gumu hapa. Malipo ni ya mara moja na ya mbele, kwa hiyo hakuna cha kuendelea hadi tarehe hiyo. Inakuwa "on or before 5 January".

Baada ya hapo yanabaki maswali matatu ya kumpelekea mteja. La kwanza: "rent for three months in advance" ni kodi ya miezi mitatu inayolipwa mbele, au ni kodi inayotakiwa kulipwa miezi mitatu kabla? Mteja anajibu ni ya kwanza. Tunaandika "three months' rent in advance".

La pili: siku 14 zinaanza wapi? Zikianza baada ya siku ya malipo, tarehe 5 haihesabiwi na siku ya mwisho ni tarehe 19 Januari. Zikianza baada ya mpangaji kupokea barua ya kukumbushwa, na barua ikamfikia tarehe 12, siku ya mwisho ni tarehe 26. Kati ya tarehe 19 na 26 kuna wiki nzima ambayo kwa hesabu moja mwenye nyumba anaweza kutoa notisi ya kuvunja mkataba, na kwa hesabu nyingine hawezi. Mteja anasema walikubaliana juu ya barua.

La tatu liko kwenye "damages on premises", na limebeba makosa mawili. "Damage" bila "s" ni uharibifu. "Damages" ni fidia inayoamriwa na mahakama. Kisha "on the premises" inataja mahali: uharibifu wowote unaotokea ndani ya duka, hata wa mali ya mtu mwingine. "To the premises" inataja kilichoharibiwa: jengo lenyewe, kuta, milango, dari. Mpangaji anayewajibika kwa "damage on the premises" amebeba mzigo mpana kuliko anayewajibika kwa "damage to the premises". Mteja anasema walizungumzia jengo tu.

Kifungu kinarudi hivi:

"The Tenant shall pay three months' rent in advance on or before 5 January. If the Tenant does not comply with this clause within 14 days after receiving a written reminder from the Landlord, the Landlord may terminate this lease by giving the Tenant 30 days' notice. The Tenant shall be liable for damage to the premises, subject to clause 9."

Angalia "a written reminder". Haikuandikwa "the", kwa sababu barua hiyo haijatajwa kokote kabla na bado haijaandikwa. Ikitajwa tena katika kifungu kinachofuata ndipo itakuwa "the reminder". Angalia pia ambacho hakikuguswa: mpangilio wa sentensi, "shall", urefu wa notisi. Mtu anaweza kuona njia bora zaidi ya kuandika kifungu hicho, lakini kila kinachobadilishwa bila sababu ni kitu kingine ambacho upande wa pili utauliza kwa nini kimebadilika.

Pasipoguswa

Ziko sehemu ambazo kosa huachwa lilivyo. Maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye sheria, hukumu, barua au mkataba wa zamani hayasahihishwi, hata kama "the" imepotea waziwazi, kwa sababu hati inadai kuwa ndivyo yalivyoandikwa. Kama barua ya mdaiwa ilisema "I will pay until Friday", mahakama inahitaji kuiona "until" hiyo na kuamua alimaanisha nini.

Hati iliyokwisha kusainiwa pia haifunguliwi kimyakimya. Mkataba hurekebishwa kwa maandishi mapya yanayosainiwa na pande zote. Kiapo hubadilishwa mbele ya kamishna wa viapo, na badiliko likishuhudiwa, au kinaapwa upya. Mkataba usiporekebishwa na ugomvi ukazuka, mahakama itausoma mzima ikitafuta walichokubaliana wenyewe, na mara nyingi kijineno kibovu hakimzamishi mtu peke yake. Lakini pale maana mbili zinapobaki sawasawa kabisa, mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza huweza kuchagua ile inayomuumiza aliyeandika. Mwenye nyumba aliyeleta mkataba wake tayari umechapwa, wenye "in 14 days" ndani yake, asitegemee kuwa shaka hiyo itasomwa kwa faida yake.

Kwa hiyo rasimu inapokwenda kwa mteja, masahihisho ya fungu la kwanza huonyeshwa tu, na ya fungu la pili huandikwa pembeni kama maswali ya Kiswahili yanayojibika kwa neno moja: mke pekee au mmoja wao? Gari hili au lolote la aina hii? Siku 14 baada ya tarehe ya malipo au baada ya barua? Jengo au kila kilichomo? Mteja hahitaji kujua Kiingereza ili kuyajibu, na majibu hayo yahifadhiwe kwenye jalada pamoja na rasimu, kwani siku hati hiyo itakapobishaniwa yatakuwa ndiyo maelezo ya kwa nini "the" ilikaa pale.